Barua ya mkaguzi wa ndani kabla hajafika: inaomba nini, na kwa nini inaomba hivyo

Mzee wa usafirishaji aliisoma barua yangu akiwa amesimama. Dada wa masijala alikuwa pembeni anasubiri asaini kitabu cha kupokelea barua, lakini mzee hakusaini. Aliikunja barua, akashuka nayo ngazi mpaka ofisini kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka, akaketi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nani kasema nini?"

Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Idara yake ilikuwa kwenye mpango wa ukaguzi wa mwaka ambao bodi ilikuwa imeshaupitisha, na zamu yake imefika. Lakini nilimwelewa. Barua ile ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, imeandikwa kwa lugha ya kiofisi, inataja tarehe na saa, inataka vitabu halisi na si kivuli, na chini kabisa kuna nakala kwa mkurugenzi. Mtu yeyote angeisoma kama hati ya mashtaka. Nimefanya kazi hii Tanga kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya ugomvi niliouona kati ya wakaguzi na wakuu wa idara haukuanzia kwenye hoja za ukaguzi. Ulianzia kwenye barua ya kwanza, ambayo mmoja aliandika bila kueleza na mwingine akasoma bila kuuliza.

Basi niichukue barua ile ile niifungue. Taasisi siitaji, ilikuwa na ofisi Tanga mjini na kituo kidogo Pangani, magari tisa na pikipiki nne. Namba za kuponi na za kumbukumbu nimezibadili. Kiini cha barua kilikuwa hivi:

> Kumb. Na. UN/US/23/07
> 7 Agosti 2023
>
> Mkuu wa Idara ya Usafirishaji
>
> YAH: MAOMBI YA NYARAKA KABLA YA UKAGUZI WA MATUMIZI YA MAFUTA, 1 JANUARI HADI 30 JUNI 2023
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Kwa mujibu wa mpango wa ukaguzi ulioidhinishwa na bodi, kitengo kitaanza kazi katika idara yako Jumatatu, tarehe 21 Agosti 2023. Ili kuokoa muda wako na wetu, unaombwa kuwasilisha nyaraka zifuatazo kabla ya saa 9:30 alasiri, Jumatano tarehe 16 Agosti 2023:
>
> (i) orodha ya magari na pikipiki zote, zinazotembea na zilizosimama, pamoja na ujazo wa tangi la kila kimoja;
> (ii) vitabu halisi vya safari vya kila gari;
> (iii) vitabu vyote vya kuponi za mafuta vilivyokuwa mikononi mwa idara, pamoja na kuponi zisizotumika, zilizofutwa, na rejesta ya kupokelea vitabu hivyo;
> (iv) stetimenti za kila mwezi kutoka kituo cha mafuta;
> (v) vibali vya safari;
> (vi) majalada ya matengenezo ya kila gari;
> (vii) jina la mtumishi atakayetuhudumia kwa niaba yako.
>
> 3. Nyaraka iwasilishwe kama ilivyo. Isiyopatikana ielezwe kwa maandishi: haikuwahi kuwepo, imepotea, au ipo kwa mtu mwingine, na ni nani.
>
> Nakala: Mkurugenzi, kwa taarifa.

Kwanza, nani anaandika. Mkaguzi wa ndani ni mtumishi wa taasisi hiyo hiyo. Kiutawala yuko chini ya mkurugenzi, ila matokeo ya kazi yake huyapeleka kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, ili bosi asiweze kuyakalia. Si Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye anatoka nje na kutoa hati. Si TAKUKURU, ambao wakija wana jambo mahususi wanalolichunguza. Nguvu ya kuomba vitabu vya mzee wa usafirishaji inatoka kwenye hati ya mamlaka ya kitengo, waraka ambao bodi imeusaini, unaosema mkaguzi anaweza kuona kumbukumbu yoyote, mali yoyote na kuzungumza na mtumishi yeyote anayehusika na kazi yake. Mkuu wa idara ana haki ya kuomba kuusoma. Katika miaka yangu yote ni wawili tu waliouomba, na wote wawili walirudi wametulia.

Nakala kwa mkurugenzi nayo si ya kumshtaki mtu. Inamjulisha kwamba wiki fulani idara fulani itakuwa na wageni, asije akawatuma madereva wote Dodoma siku hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini barua inakuja wiki mbili kabla? Watu wengi hudhani ukaguzi unaanza siku mkaguzi anapoingia ofisini na kufungua majalada. Kazi ya uwandani ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza hufanyika mezani: mkaguzi anasoma, anapanga atakachokipima, anachagua safari na kuponi zipi azifuate hadi mwisho. Bila stetimenti na orodha ya magari mapema, angefika siku ya kwanza na kuanza kuuliza mna magari mangapi, na mzee angekuwa na haki ya kumwona mtu asiyejua alichokifuata. Tulipopata stetimenti za miezi sita tulizipanga kwa gari na kwa tarehe kwenye Ekseli, na siku tulipoingia idarani tulikuwa na maswali machache mkononi. Hatukuwaondoa madereva barabarani bila sababu. Maneno "kuokoa muda wako na wetu" huonekana kama adabu ya barua, lakini ndiyo maana yake halisi.

Tarehe 16 Agosti haikuchaguliwa ovyo. Kati ya tarehe 7 na 16 kuna sikukuu ya Nane Nane na wikendi moja, hivyo mzee alibaki na siku sita za kazi kukusanya vitu vilivyo kwenye kabati nne na kituo cha Pangani. Zilitosha, japo kwa kubana. Mkaguzi anayetoa siku mbili anajiletea nakala zilizopigwa kwa haraka na kurasa zilizorukwa, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba idara haikutoa ushirikiano. Ukipewa muda usiotosha, andika siku hiyo hiyo uombe kuongezewa na utaje ni kipengele kipi kitachelewa. Usisubiri siku ya mwisho.

Neno lililomsumbua zaidi mzee lilikuwa "vyote", katika kipengele cha tatu. "Vyote vya nini? Si mngechagua vichache tu vya kupima?" Ni kweli hatupimi vyote. Tulikusudia kufuata kuponi arobaini tu. Lakini ni lazima sisi ndio tuzichague, na hatuwezi kuchagua kutoka kwenye fungu ambalo mwenye idara ameshalichambua. Fikiria mnunuzi wa machungwa Muheza ambaye anaonyeshwa machungwa ya juu ya tenga peke yake. Kabla mkaguzi hajachukua sampuli, anathibitisha kwanza kwamba fungu lote liko mbele yake. Hatua hiyo ndiyo inayozaa matokeo kuliko nyingine yoyote, na ndiyo wakuu wa idara wengi hawaijui.

Inafanywa hivi. Rejesta ya idara ilionyesha kwamba kati ya Januari na Juni walipokea kutoka stoo vitabu vitano vya kuponi, kila kimoja kina kuponi 50, namba 1201 hadi 1450. Tulipovipanga vitabu mezani tulikuta 1201 hadi 1300, kisha 1351 hadi 1450. Katikati pana pengo la kitabu kizima, 1301 hadi 1350. Kufikia hapo bado hujui lolote. Kitabu kinaweza kuwa hakijaguswa, kimefungiwa kabatini. Ndipo ukafungua stetimenti ya kituo cha mafuta ya mwezi Aprili na kukuta kuponi namba 1304, 1309, 1317 zimelipiwa. Basi kitabu kinatumika, na hakikuletwa.

Angalia kwamba hakuna aliyetusaidia kuliona hilo. Hatukuhitaji mtu wa kutunong'oneza. Namba zilizochapwa kwa mfululizo zinajisemea, kwa sharti kwamba umeomba na rejesta ya kupokelea na kuponi zisizotumika na zilizofutwa. Ukiomba "kuponi zilizotumika" peke yake, pengo haliwezi kuonekana, maana kila utakacholetewa kitakuwa sahihi kwa ombi lako. Mkaguzi mchanga huandika hivyo, na nilipokuwa mchanga niliandika hivyo.

Kitabu kilipatikana baada ya simu moja. Kilikuwa Pangani, kwenye droo ya msimamizi wa kituo, kilomita kama 50 kutoka mjini. Mzee alikuwa amempa ili gari la huko lisirudi Tanga kila likitaka mafuta. Jambo la busara kabisa, ila hakuliandika popote. Kilipoletwa tulihesabu: kuponi 38 zimetumika na vishina vyake vipo, 4 zimefutwa na zimebandikwa kitabuni kama inavyotakiwa, na 8 bado hazijatumika. Hizo nane zilikuwa tupu: hazina tarehe, hazina namba ya gari, hazina lita. Lakini zote zilikuwa na saini ya mzee na muhuri wa idara.

Hapo ndipo barua ilipotoa matunda yake, na si wizi uliopatikana. Tulifuata zile 38 moja moja dhidi ya vitabu vya safari na stetimenti, na zote zilikaa sawa. Hoja ilikuwa kwamba karatasi nane zenye thamani ya mafuta kiasi chochote zilikuwa zimekaa droo isiyo na kufuli, zikisubiri mtu yeyote mwenye kalamu. Mzee alizisaini mapema kwa sababu hakutaka safari za Pangani zikwame akiwa likizo. Nikamwuliza kama angemwachia mtu hundi nane za benki alizozisaini bila kuandika kiasi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Aa, hapo sasa umenishika."

Tuje kwenye neno "halisi". Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani, vile vipya vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 na vile vilivyovitangulia, vinamtaka mkaguzi akusanye taarifa zinazohusika, za kuaminika na za kutosha. Neno la kati ndilo linalodai kitabu chenyewe. Kivuli cha kitabu cha safari, ambacho madereva hukiita logibuku, kinaonyesha maandishi tu. Kitabu chenyewe kinaonyesha wino, mikunjo, madoa, kurasa zilizochanwa na namna karatasi ilivyochakaa.

Niliwahi kuletewa, mahali pengine kabisa, logibuku ya miezi sita iliyokuwa safi kama daftari la siku ya kwanza shuleni. Mwandiko mmoja, kalamu moja, hakuna tone la dizeli hata kwenye jalada. Gari lilikuwa na madereva wawili wa kupokezana. Usafi peke yake si ushahidi, kuna madereva watunzaji. Kilichoamua ni jalada la matengenezo, kile kipengele cha sita ambacho watu hukiona kama cha kujazia. Gereji wanapopokea gari huandika kilomita zilizo kwenye dashibodi siku hiyo. Kadi ya gereji ya mwezi wa tano ilisema kilomita 83,102. Logibuku, siku hiyo hiyo, ilisema 84,310. Gari haliwezi kuwa mbele ya lenyewe kwa kilomita 1,200. Kitabu kilikuwa kimeandikwa upya baada ya barua ya mkaguzi kufika, na aliyekiandika alizigawa kilomita kwa kukisia.

Linaloniuma katika kisa hicho ni kwamba logibuku ya kwanza ilikuwa imelowa tu mvua ya masika. Dereva aliogopa kuambiwa hana kitabu, mkubwa wake akamwambia "kitengeneze". Kama wangeandika mstari mmoja, kwamba kitabu kililowa tarehe fulani na mabaki yake yapo, tungeandika hoja ndogo kuhusu utunzaji wa kumbukumbu na kwenda kwenye jambo jingine. Badala yake tulikuwa na hati ya uongo mezani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuita kughushi kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na mkaguzi akishaiona hana ruhusa ya kuifumbia macho. Suala likatoka mikononi mwetu likaenda kwa mkurugenzi na kamati ya nidhamu.

Ndiyo maana aya ya tatu ya barua, ambayo watu huipita haraka, mimi huiandika kwa uangalifu kuliko zote. Inagawa kutokuwepo kwa nyaraka katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina maana yake. "Haikuwahi kuwepo" inaniambia idara haina utaratibu huo, na pengine hakuna aliyewahi kuiambia iwe nao. "Imepotea" inanipeleka kwenye utunzaji: lini, nani aligundua, alimwarifu nani. "Ipo kwa mtu mwingine" inanipa jina na njia ya kuifuata. Mkuu wa idara anayejibu kwa usahihi kati ya hayo matatu amenisaidia kuliko anayeniletea maboksi kumi. Mzee, kwa mfano, aliandika kuhusu vibali vya safari vya Februari: "Havikuwahi kuandikwa, ruhusa ilitolewa kwa simu." Sentensi fupi. Ilitupa hoja, ndiyo, lakini ilitupunguzia siku nzima ya kutafuta karatasi ambazo hazipo, na kwenye ripoti tuliandika kwamba idara yenyewe ndiyo iliyoeleza.

Kipengele cha nne kilimchekesha. "Stetimenti si mnazo uhasibu? Mnaniomba mimi za nini?" Ni kweli, uhasibu wanazo, na tulizichukua huko pia. Tulitaka kuona nakala ya idara iko katika hali gani. Idara inayofanya kazi yake hupokea stetimenti, inaweka tiki mbele ya kila kuponi kwa kulinganisha na kishina, mtu anasaini chini, ndipo inakwenda kulipwa. Za mzee zilikuwa na tiki Januari na Februari. Kuanzia Machi zilikuwa nyeupe. Tukauliza kilichotokea Machi: karani aliyekuwa akifanya kazi hiyo alihamishwa, hakuna aliyeachiwa. Kituo cha mafuta kilikuwa kinalipwa miezi minne kwa hesabu zake chenyewe. Hakikuwa kimezidisha, tulipima, lakini kwa miezi minne hakuna mtu wa upande wetu ambaye angejua kama kingezidisha.

Sasa niseme na kosa langu, kwa sababu barua ile haikuwa kamili. Kipengele cha kwanza kiliomba ujazo wa tangi la kila gari, kwa ajili ya kipimo rahisi sana: lita zilizowekwa kwa mara moja haziwezi kuzidi tangi. Katika kuponi za Aprili tulikuta moja ya tarehe 18, pikapu ya Hailaksi, lita 95. Tangi la gari lile linachukua lita 80. Kwenye meza yetu ya Ekseli ilitoka nyekundu kabisa, na nakiri nilifurahi, kama mvuvi anayehisi mshipi umevutwa.

Uwandani tulimwita dereva, mzee mwenye umri wa baba yangu. Hakushtuka hata kidogo. Alisema siku ile umeme ulikatika tangu asubuhi, akaagizwa ajaze gari na madumu mawili ya jenereta la ofisi, na mhudumu wa kituo akaandika yote kwenye kuponi moja kwa sababu jenereta halina kuponi zake. "Nyinyi mliuliza magari," akaniambia, "jenereta hamkuuliza." Nikaenda nyuma ya jengo, jenereta lipo, na ukutani fundi ameandika kwa chaki saa alizoliwasha na kulizima, pamoja na tarehe 18. Chaki ile ndiyo iliyokuwa kumbukumbu pekee ya mafuta ya jenereta kwa miezi sita, na nusu yake ilishafutika.

Kosa hapo lilikuwa la pande mbili. Idara ilichanganya mafuta ya vitu viwili katika karatasi moja. Mimi niliandika barua kwa kufikiria magari, ilhali kilichokaguliwa ni mafuta, na mafuta yanakwenda popote penye injini. Hilo ni jambo la kulijua mkuu wa idara pia: barua ya maombi ya nyaraka ni makisio ya mkaguzi kuhusu idara yako kabla hajaifahamu. Ukiona amesahau kitu kinachobadilisha picha, mwambie mapema. Kuna watu wanaosema usimfumbue macho mkaguzi kwa kitu ambacho hakukiuliza. Nasikia, lakini angalia kisa chenyewe: kama mzee angeongeza mstari mmoja kuhusu jenereta, ile nyekundu yangu isingetokea, na dereva wake asingeitwa kuhojiwa kuhusu lita 15.

Kuna upande mwingine wa mpaka pia. Barua haimpi mkaguzi ruhusa ya kuchukua kila kitu. Tulikuwa tunakagua mafuta. Mafaili binafsi ya madereva, yenye taarifa za afya na za familia zao, hayakutuhusu na hatukuyaomba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, swali la "mnazihitaji kwa kazi gani?" lina miguu ya kusimamia. Mkuu wa idara akiuliza hivyo kwa kipengele chochote, mkaguzi anatakiwa awe na jibu linaloungana na kichwa cha habari cha barua yake. Asipokuwa nalo, kipengele hicho akifute.

Na ukishakubali kutoa, toa kwa maandishi. Usiache vitabu juu ya meza ya mkaguzi na kuondoka kwa sababu mmekaa ofisi moja miaka kumi na mnaswali msikiti mmoja. Andika orodha: kitabu cha kuponi 1201 hadi 1250, kimoja, logibuku ya gari fulani, kuanzia ukurasa huu hadi huu, jalada la matengenezo, kurasa ngapi. Kila mmoja asaini, kila mmoja abaki na nakala, na siku ya kurudisha mpitie orodha ile ile. Nimewahi kushuhudia idara na wakaguzi wakilaumiana wiki nzima juu ya jalada ambalo kila upande uliapa upo kwa mwenzake, na hapakuwa na karatasi ya kuamua. Kwa logibuku za magari yanayotembea kila siku kuna njia nyepesi: mkaguzi anazisomea hapo hapo idarani, zinarudi kwenye gari mchana ule ule. Vitabu halisi havina lazima ya kulala ofisini kwake.

Je, ukikataa kabisa kujibu? Mkaguzi hana askari. Atakukumbusha kwa barua ya pili, kisha atapeleka kwa mkurugenzi, na isipopatikana suluhu ataandika kwenye ripoti kwamba eneo fulani halikukaguliwa kwa sababu nyaraka hazikutolewa. Kamati ya ukaguzi husoma sentensi hiyo kwa makini kuliko hoja nyingi za fedha, kwa sababu haiwezi kujua kilichofichwa ni kikubwa au kidogo.

Mzee wa usafirishaji alisaini kitabu cha masijala jioni ile ile, baada ya kunywa chai yetu na kusoma barua mara ya pili akiwa ameketi. Kazi ya uwandani ilichukua siku tano badala ya nane tulizopanga. Zile kuponi nane zilifutwa mbele yake, kila moja kwa mistari miwili na neno "BATILI", zikabandikwa kwenye vishina vyake. Rejesta ikaongezwa safu ya "kitabu kipo kwa nani". Na barua niliyomwandikia mwaka uliofuata ilikuwa na kipengele kipya, cha nane, kinachoomba kumbukumbu za jenereta. Alijibu siku ya pili, akaambatanisha daftari jipya lenye jalada gumu, na pembeni ameandika kwa kalamu: "Chaki tumeacha."